Mkanda wa James Bond haukuwaenea wenye mikono myembamba

Septemba 17, 2024 ilitimia miaka 60 tangu sinema ya Goldfinger ionyeshwe kwa mara ya kwanza jijini London. Wapenzi wa saa waliikumbuka kwa sababu yao: sekunde chache za mwanzoni, pale Sean Connery, akiwa amevaa koti jeupe, anapowasha kiberiti cha gesi na kutazama saa yake ya Rolex Submariner. Mwanga ule ndio uliofichua mkanda wa nailoni wenye mistari, na ndio ulioanzisha ubishi ambao haujaisha.

Saa za mkononi zilikuwepo zamani. Cartier alimtengenezea rubani Santos-Dumont ya kwake mwaka 1904, na Vita vya Kwanza vya Dunia vikawazoesha wanaume kuzivaa. Lakini hakuna mkanda uliobishaniwa kama huu wa Connery, maana haukuienea saa. Submariner ile, namba 6538, ina nafasi ya milimita 20 kati ya pembe zinazoshika mkanda. Mkanda wenyewe unakadiriwa kuwa na milimita 16. Pini zinaonekana wazi pande zote mbili, kama mtoto aliyevalishwa kaptula ya mdogo wake.

Wengi huuita mkanda huo wa NATO, na hapo ndipo ugomvi unapopamba moto. Waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ulioweka vipimo vya mkanda unaoitwa hivyo, Defence Standard 66-15, ulitoka Novemba 30, 1973, miaka tisa baada ya sinema. Askari aliutaka kwa kujaza fomu ya G1098, ndiyo maana askari waliuita G10. Ulikuwa wa kijivu, upana mmoja tu wa milimita 20, bila mistari. Kwa hiyo Connery hakuvaa G10, na wanaobisha wangeacha kubisha kama wangesoma tarehe.

Fundi saa mmoja mzee wa Kariakoo, aliyenieleza mengi ya makala haya, haujali ubishi huo. Kwake kosa ni la wanunuzi wa leo, wanaovaa mkanda wa askari kwenye mkono mwembamba na kushangaa saa inapoyumba. Nakubaliana naye.

Tazama mkanda wa G10 ulivyoundwa. Kipande kirefu hupita juu ya pini moja, chini ya saa, kisha juu ya pini ya pili. Kipande kifupi hukaa chini yake na kuzuia saa isiteleze. Kwa jeshi ni akili nzuri, kwani pini moja ikivunjika, saa hubaki mkononi. Lakini nailoni ya unene wa milimita 1.2 ikipita mara mbili, saa inainuka karibu milimita 2.4 kutoka kwenye ngozi. Kwenye mkono mnene hilo halionekani. Kwenye mkono wenye mzingo wa sentimita 15, saa inakuwa kama imewekwa juu ya kigoda na kupinduka kila ukigeuza mkono. Mkanda wa urefu wa milimita 280 pia huacha mkia mrefu, ambao lazima ukunjwe na kurudishwa kwenye pete, ukizidi kuvimba.

Mtu wa mkono huo afanyeje? Aweke rula juu ya mkono, penye bapa, asome upana. Tuseme ni milimita 50. Kisha apime saa kutoka ncha ya pembe moja hadi ncha ya pembe ya upande wa pili. Ikiwa 46, inamtosha; ikiwa 51, pembe zitaning'inia hewani na hakuna mkanda utakaomwokoa. Baada ya hapo achague mkanda wa upana uleule wa nafasi ya pembe, ili pini zisionekane na saa isiteleze pembeni. Kwa mkono mdogo, saa yenye nafasi ya 18 hukaa kwa utulivu kuliko ya 22, hasa mkanda ukipungua hadi 16 kwenye bizimu.

Ngozi laini na nyembamba huinama mara tu inapotoka kwenye pembe, ikafuata mkono. Ngozi nene na ngumu husimama wima kwanza. Cheni ya chuma ina hatari nyingine: pingili ya kwanza ikiwa imara na isiyoinama, huongeza urefu wa saa, kwa hiyo ile ya 46 inaweza kukaa kama ya 50. Anayependa nailoni atafute yenye tabaka moja tu chini ya saa.

Mwaka 2015, Omega ilitoa saa ya sinema nyingine ya Bond, Spectre, ikiwa na mkanda wa mistari. Uliienea nafasi yake, lakini saa ina kipenyo cha milimita 41. Wauzaji wetu nao wamejaza mikanda ya mistari vibandani bila kipimo. Usinunue mpaka uivae saa, uupinde mkono na kuutikisa. Saa ikigeuka pembeni, mrudishie muuzaji mkanda wake.