Nafuu na Hadi: Lugha ya Matangazo ya Sare za Shule Mjini Nairobi

Matangazo mengi ya biashara humtamanisha mteja kitu ambacho angeweza kuishi bila kuwa nacho. Tangazo la sare za shule haliko hivyo. Mzazi hakuchagua rangi ya sweta wala idadi ya madaftari, kwani orodha ameandikiwa na shule. Hivyo muuzaji hana haja ya kumshawishi anunue. Kazi yake ni kumtuliza kuhusu kiasi cha fedha kitakachomtoka. Lugha ya matangazo hayo mjini Nairobi imejengwa juu ya msingi huo.

Neno lenyewe sare lina historia inayostahili kukumbukwa. Katika pwani ya Waswahili wanawake huvaa sare arusini, yaani nguo za namna moja zinazoonyesha umoja wao kwa hiari. Shule ililichukua neno hilo ikaliondolea hiari. Serikali nayo, kila ilipopunguza gharama za elimu, iliiacha sare mikononi mwa mzazi. Mwaka 1974 karo ilifutwa katika madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi, lakini michango ya ujenzi ikachukua nafasi yake. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, na katika hizo 650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kujifunzia. Sare haikuwamo. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na wengi wa hao wapya walitoka katika nyumba zenye kipato kidogo.

Wazazi wa namna hiyo hununua Kawangware na Kangemi, kwa mafundi wa cherehani na wachuuzi wa sokoni, au hushuka mjini kwenye maduka ya Mtaa wa Biashara. Wenye uwezo zaidi huenda Westlands, ambako jumba la Sarit lilifunguliwa mwaka 1983. Wote hukutana na mwezi mmoja mgumu, ambao Wakenya wameubatiza Njaanuari kwa kuunganisha njaa na Januari.

Kwa mzazi huyo, bei rahisi na bei nafuu si kitu kimoja. Rahisi huweza kudokeza kitu hafifu, na sweta hafifu hutoboka viwiko kabla ya muhula wa pili. Nafuu ni neno la mgonjwa pia: husemwa mgonjwa amepata nafuu, yaani maumivu yamepungua ingawa hajapona. Ndiyo sababu linafaa mno tangazo la Januari. Linakiri kwamba gharama ni maumivu, bila kuahidi kwamba yatakwisha.

Hata hivyo, neno lenye uzito kuliko yote katika tangazo ni dogo zaidi, nalo ni hadi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ukomo. Yakisemwa, "Bei imepungua hadi shilingi 800", ukomo ni bei yenyewe, na mzazi atalipa 800. Ikiandikwa, "Punguzo la hadi shilingi 800", ukomo ni wa punguzo, na huenda bidhaa nyingi zisifikie hapo.

Ichukuliwe orodha ya kubuni: shati shilingi 600, kaptura 700, sweta yenye nembo 1,200, na jozi mbili za soksi 300. Jumla ni 2,800. Bango linasema, "Punguzo la hadi 30%". Mzazi anapiga hesabu ya kuokoa 840, anabeba 1,960, na kupanda matatu kutoka Kangemi. Dukani anaambiwa kwamba punguzo ni la soksi tu. Anaokoa 90, na deni la 750 linabaki mbele yake. Sweta, iliyo ghali zaidi, haikuguswa, kwa kuwa nembo ya shule haipatikani kila mahali na muuzaji hana mshindani wa kumlazimisha apunguze. Hakuna uongo uliosemwa; neno hadi limebeba lawama yote.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na bidhaa, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo yanayopotosha. Lakini sheria hufika baada ya nauli kwisha. Kinachomfaa mzazi ni sentensi isiyo na ukomo uliofichwa: "Soksi zimepunguzwa kwa 30%, sweta, shati na kaptura ni kwa bei ya kawaida, seti nzima ni shilingi 2,710." Tangazo hilo halina mvuto mkubwa. Hata hivyo, mwenye 1,960 mkononi akilisoma angali Kangemi, atajua kwamba hazitoshi kabla hajapanda gari.