Homa ya mapafu ya mbuzi

Ugonjwa wa kuambukiza unaoshambulia mapafu na utando unaoyazunguka. Husababishwa na bakteria wa kundi la mikoplasma, aliyetambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1976.

Mbuzi huambukizana kwa kuvuta matone yanayotoka kwa mwenzao anayekohoa. Kwa hiyo ugonjwa huenea upesi zizini usiku, mbuzi wanapolala wamebanana, na mara nyingi huingia na mbuzi mgeni kutoka mnadani. Dalili huonekana baada ya siku 6 hadi 10, pengine zaidi: homa ya nyuzi 41 au zaidi, kikohozi chenye maumivu, kisha kuhema kwa shida. Mgonjwa husimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, mate yakimdondoka. Akipasuliwa baada ya kufa, kwa kawaida pafu moja tu huwa gumu, na kifuani mna maji ya manjano. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo huleta kikohozi, lakini huambatana na vidonda vya mdomoni na kuhara.

Penisilini haifai kitu, kwa kuwa hushambulia ukuta wa seli, na mikoplasma hana ukuta huo. Hutumika oksitetrasaiklini, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito: mbuzi wa kilo 30 huhitaji miligramu 450, yaani mililita 4.5 za dawa ya asilimia 10. Ikichelewa, haiokoi. Aliyepona aendelee kutengwa, maana huenda bado ana vimelea. Chanjo ipo, na kinga yake hudumu takriban mwaka mmoja.