Kumsalimia rafiki aliyefunga: maneno yanayofaa na yanayoumiza

Mwezi wa Ramadhani ukianza, kuna neno linalosikika sana sokoni, stendi na vijiweni: kobe. Ndivyo anavyoitwa kwa utani Mwislamu anayeonekana akila mchana. Wengi hulisema kwa kucheka tu, lakini ndilo linaloharibu salamu nyingi kati ya majirani.

Chukua mfano huu. Ni saa nne asubuhi, soko la Mwanjelwa jijini Mbeya. Mama anayeuza mchele, amejitanda ushungi, anakunywa chai nyuma ya meza yake. Jirani yake wa meza ya pili anamwambia kwa sauti, "Eh, dada, na wewe kobe?" Watu wanacheka. Mama anaweka kikombe chini na kunyamaza.

Jirani huyo hajui alichomfanyia mwenzake. Katika Uislamu, mwanamke aliye kwenye hedhi au damu ya uzazi haruhusiwi kufunga. Siku hizo atazilipa baadaye, Ramadhani ikishapita. Mgonjwa na msafiri nao wana ruhusa ya kula, vivyo hivyo mjamzito au anayenyonyesha akihofia afya yake au ya mtoto. Kwa hiyo swali la "mbona unakula?" linamwachia mama yule njia mbili: adanganye, au aeleze mambo ya mwili wake mbele ya wateja. Ndiyo maana hata "Leo umefunga?" si salamu. Mwenyewe akitaka, atakwambia.

Useme nini basi?

Anza na salamu yenu ya kila siku. Kama mmezoea "Kamwene" kule Iringa, au "Ugonile" huku Mbeya, salimianeni hivyo hivyo. Halafu ongeza "Ramadhani njema" au "Ramadhani Karim". Maneno haya yanamfaa Mwislamu yeyote, awe amefunga siku hiyo au hakufunga, kwa sababu yanautakia heri mwezi wenyewe.

"Swaumu inaendeleaje?" mwachie yule aliyekwambia mwenyewe kwamba amefunga. Huyo pia unaweza kumwombea: "Mungu aipokee swaumu yako." Atakujibu "Amina". Jioni mkiagana, "Futari njema" inatosha.

Akikukuta unakula, usifiche sahani. Mkaribishe kama desturi yetu ilivyo. Akisema "Asante, nimefunga", ishie hapo. Usimwambie "Onja kidogo tu", wala "Hata maji?" Ndiyo, hata maji, tangu alfajiri mpaka jua lizame.

Jua la Mbeya si la Dar es Salaam

Kosa jingine linatoka redioni na kwenye simu. Mtu anasikia adhana ya magharibi ikirushwa kutoka Dar es Salaam, anamwambia rafiki yake, "Kula bwana, wameshaadhini!" Lakini sisi tuko magharibi zaidi, na jua huchelewa kuzama kwetu. Nyakati za Machi, Iringa huchelewa kwa karibu dakika 14 na Mbeya kwa zaidi ya dakika 20. Rafiki yako anayesubiri hajazidisha ukali wa dini. Anafuata jua la mahali alipo.

Usiharakishe Idi

Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na sikukuu hutegemea kuandama kwa mwezi. Jioni ya siku ya 29 hakuna anayejua kwa hakika kama kesho ni Idi. Ukimwambia "Idi Mubarak" mchana wa siku hiyo, huenda bado ana siku nzima ya kufunga. Subiri mwezi utangazwe, ndipo umpe mkono wa Idi.

Na anayefunga Kwaresima?

Mwaka 2025 mifungo miwili ilikutana: Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi. Wapo waliopima mfungo mmoja kwa mwingine, wakawacheka Wakatoliki: "Mfungo gani huo wa kula mchana?"

Taratibu ni tofauti. Mkatoliki mwenye miaka 18 hadi 59 anapaswa kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na siku hizo anaruhusiwa mlo mmoja kamili na vilaji vidogo viwili. Siku nyingine za Kwaresima wengi huchagua wenyewe cha kuacha, kama nyama, pombe au sukari. Kwa Walutheri na Wamoraviani, mara nyingi kufunga ni uamuzi wa mtu mwenyewe. Ukimkuta anakula, hujui ameacha nini. Mwambie "Kwaresima njema", kisha mwendelee na habari za shamba.

Na jirani wa pale Mwanjelwa? Angesema tu, "Habari za asubuhi, dada? Ramadhani njema." Mama angeitikia, akamalizia chai yake.