Ombwe la Dewar, kutoka London hadi Mangina

Mwaka 1892 mwanakemia Mskoti, James Dewar, alikuwa na tatizo la kuudhi katika maabara yake ya Taasisi ya Kifalme, London. Alikwisha kujua namna ya kugeuza oksijeni kuwa kimiminika cha samawati, lakini hakuwa na pa kukiweka. Oksijeni hiyo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo ukiimimina katika gilasi ya kawaida, joto la chumba tu linatosha kuitokosa mpaka iishe. Kazi ya siku nzima inapotea hewani mtafiti akiangalia.

Dewar akatengeneza chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zilizounganishwa mdomoni tu. Hewa ya katikati aliifyonza kwa pampu, kisha akaziba kitundu. Joto husafiri kwa kupita ndani ya kitu au kwa kuchukuliwa na hewa inayozunguka. Pasipo hewa wala kitu, njia zote mbili zimekatika. Ilibaki ya tatu, ile ambayo jua hutufikishia joto lake: mnururisho, ambao haujali ombwe. Kuhusu hiyo, zebaki ilimsaidia. Mvuke kidogo wa zebaki ulikuwa umebaki katika nafasi ile, na alipomimina kimiminika chake baridi, ukaganda juu ya chupa ya ndani na kuwa kioo cha kujitazamia. Joto likarudishwa lilikotoka. Baadaye kuta zikapakwa fedha, na ndiyo maana ukichungulia ndani ya chupa ya chai nyumbani unaona uso wako.

Njia moja ya joto haikuzibika: shingo. Pale chupa mbili zinapokutana, kioo ni kimoja, na joto hutambaa humo taratibu. Ndiyo sababu shingo hufanywa nyembamba, na kizibo hutengenezwa kwa kitu kisichopitisha joto. Ugonjwa mwingine wa chupa hizi ni ombwe kuvuja. Dalili yake haifichiki: mimina maji ya barafu, subiri, kisha papasa nje. Ukuta ukiwa baridi au ukitoka jasho, hewa imeingia.

Dewar hakusajili hataza. Fundi kioo wa Berlin, Reinhold Burger, aliona kwamba chombo hicho kingefaa hata jikoni, akakivisha ganda la chuma, akaweka vishikizo kati ya kuta mbili ili kioo kisivunjike, na akapata hataza mwaka 1903. Kampuni ya Thermos ikaanza mwaka uliofuata. Dewar alishtaki, akashindwa. Sioni kama alionewa: alikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kuandikisha.

Chombo hicho kilikuja kuhitajika pia katika kutunza chanjo. Kwa chanjo za kawaida, zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, wahudumu wa afya walitegemea zaidi masanduku ya povu gumu la plastiki na vipande vya barafu. Povu hukamata hewa katika vijishimo vidogo ili isizunguke. Ni rahisi na halivunjiki, ila halina nguvu ya ombwe. Udhaifu huo ulionekana wazi ilipokuja chanjo ya Ebola, iliyotakiwa kukaa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri.

Hapo ndipo chombo kiitwacho Arktek kilipohitajika. Kilibuniwa kwanza ili kutunza chanjo za kawaida kwa mwezi au zaidi bila umeme. Ni chupa ya Dewar iliyonenepa, yenye tabaka nyingi za utando unaong'aa zilizopangwa ndani ya ombwe, kama zile zinazofunika vyombo vya angani. Kwa Ebola, barafu iliondolewa, vikawekwa vipande vya kimiminika chenye alkoholi kinachoganda kwenye ubaridi mkali zaidi. Vikigandishwa vizuri kabla ya safari, chanjo hukaa salama siku kadhaa. Vikiingizwa nusu vimeganda, hakuna ombwe litakalookoa chanjo, kwa sababu chupa haitengenezi baridi, hutunza iliyopewa.

Chombo hicho kilitumika Guinea mwaka 2015. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, na chanjo ikaanza kutolewa Mangina, mji mdogo magharibi ya Beni. Majokofu ya baridi kali yanahitaji umeme usiokatika, kwa hiyo yaliwekwa mahali pachache, na vyombo vya ombwe vikabeba chanjo kwenda mbele. Kwenye kituo, kila kufungua mfuniko ni kutumia akiba ya baridi, basi vichupa vya siku hiyo vilipaswa kutolewa kwa pamoja, si kimoja kimoja. Chanjo ikishayeyuka haigandishwi tena, lakini inaweza kutumika hadi wiki mbili ikikaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ruhusa hiyo iliwezesha timu kufika kwa waliokutana na wagonjwa wakiwa na kisanduku cha povu begani, kile kile cha chanjo za watoto.