Uthabiti wa Kipimo Kirudiwapo

Mtafiti akiwapa watu hojaji leo, kisha akawarudia baadaye na hojaji ileile, anataka kujua kama alama hubaki zilezile kwa mtu ambaye hali yake haijabadilika. Sifa hiyo wengine huiita kuaminika, wengine utegemeo. Neno la kwanza humpeleka msomaji kwenye ukweli wa anayejibu, na la pili halidokezi kurudia. Mimi nachagua uthabiti wa kipimo kirudiwapo, kwa kuwa linataja kinachopaswa kuwa thabiti: kipimo, si mtu. Gunia la mahindi mabichi likianikwa juani wiki mbili litapungua uzito, na mizani haina kosa.

Hapo ndipo muda unapoleta mashaka. Chukua PHQ-9, hojaji ya dalili za sonona. Ina maswali 9 yenye alama 0 hadi 3 kila moja, na yote huuliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Ukirudi baada ya siku 14, unauliza kuhusu siku nyingine kabisa. Alama zikitofautiana, huwezi kujua kama hojaji imeyumba au mtu amepata nafuu. Ukirudi baada ya siku 2, siku 12 ni zilezile, lakini mhojiwa bado anakumbuka alichojibu, na huenda akarudia jibu badala ya kuitazama hali yake. Uthabiti utaonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Kwa hojaji hii mimi ningerudi baada ya siku 7: nusu ya siku zinazoulizwa ni zilezile, na majibu ya awali yameanza kufifia. Ningeongeza swali moja mara ya pili: tangu tulipoonana, hali yako imebadilika? Waliosema ndiyo, pamoja na walioanza matibabu katikati, ningewaweka kando kwenye hesabu. Hojaji ya haiba inaweza kungoja wiki kadhaa. Ya maumivu ya jino haiwezi kungoja hata siku 2.

Muda ukishachaguliwa vema, hesabu nayo yaweza kupotosha. Tuseme watu watano walipata 4, 8, 12, 16 na 20, kisha 7, 11, 15, 19 na 23. Uwiano wa kawaida utatoa 1 kamili, ingawa kila mmoja amepanda alama 3, kwa sababu huangalia tu kama watu wamefuatana vilevile. Kipimo kinachodai alama zenyewe zilingane kitashuka hadi 0.90 hivi. Ndiyo maana nasoma wastani kabla ya uwiano. Kroenke na wenzake, walipoichapisha PHQ-9 mwaka 2001, waliirudia kwa simu ndani ya saa 48 wakapata uwiano wa 0.84, huku wastani ukiwa 5.08 mara ya kwanza na 5.03 kwa simu.