Bosi akikwambia utie sahihi ya uongo: swali la mahojiano ya kazi Kakuma

Vijana wetu wa Pwani wanaoitwa Lodwar kuhojiwa kwa kazi za ghala la chakula katika kambi ya Kakuma wajiandae kwa swali hili: lori limeleta magunia 388 ya mahindi, hati inasema 400, na bosi anakwambia, "Tia sahihi, mengine yaja kesho." Utafanyaje?

Wengi hukimbilia kujibu, "Nitampeleka polisi." Jibu hilo huonyesha hukuuliza kitu, na huenda kweli kuna lori la pili. Anza kwa kusema utahesabu tena mbele ya dereva, kisha umuulize bosi hayo 12 yako wapi. Halafu sema utaandika 388 kwenye hati, utaje upungufu, na dereva naye atie sahihi. Yakija kesho, yataandikiwa hati yake. Gunia likiwa la kilo 50, hapo pana kilo 600 ambazo, ukisaini 400, zitahesabiwa zimepotea mkononi mwako.

Watakubana: "Na akitishia kutokuongezea mkataba?" Usijifanye shujaa. Sema utamweleza kwa adabu kwamba huwezi, utaweka nakala ya hati, na utapeleka habari kwa aliye juu yake au kwa njia ya siri ya shirika. Akikupa "chai" unyamaze, hiyo sasa ni rushwa. Sheria ya Rushwa ya 2016 inamtaka mwenye mamlaka kazini aripoti kwa tume ya EACC ndani ya saa 24.