Kanuni ya siwa barafu: usuli wa mhusika unapobaki chini ya maji

Mwaka 1932, katika kitabu chake kuhusu mchezo wa kupigana na mafahali huko Hispania, Ernest Hemingway aliandika kwamba bonge la barafu linaloelea baharini hutembea kwa heshima kwa sababu sehemu moja tu kati ya nane ndiyo iliyo juu ya maji. Alikuwa akizungumzia uandishi wa hadithi. Mwandishi anayekijua anachokiandika anaweza kuacha mengi bila kuyataja, na msomaji akayahisi kana kwamba yameandikwa. Bonge hilo kwa Kiswahili huitwa siwa barafu, na wazo lenyewe tuliite kanuni ya siwa barafu. Mvuvi wa Tanga anaweza kunung'unika kwamba siwa ni kisiwa kikubwa na kisiwa hakielei. Ana haki, ila sina neno bora zaidi la kumpa.

Kinachozamishwa aghalabu ni usuli wa mhusika, yaani yote yaliyompata kabla ya ukurasa wa kwanza: kwao, ndoa, kazi, makosa. Mfano unaotajwa sana ni hadithi ya Hemingway ya mwaka 1925 kuhusu kijana anayekwenda peke yake kuvua samaki mtoni. Anapiga hema, anapika, anatia chambo, na kila tendo linafanywa kwa uangalifu wa kupita kiasi. Baadaye mwandishi alieleza kwamba ni hadithi ya mtu aliyerudi kutoka vitani. Vita havitajwi humo hata mara moja.

Waandishi wengi husoma habari hiyo wakadhani kanuni inasema "futa". Hufuta usuli wote, kisha hushangaa mhusika akiwa mkavu. Hemingway mwenyewe alionya kwamba anayeacha jambo kwa kuwa halijui huacha tundu tupu. Mimi nitaongeza sharti jingine: kilichozamishwa lazima kisukume kitu kinachoonekana. Kama hakisukumi, hakuna aliyekiona na hakuna atakayekihisi.

Tuchukue mhusika wa kubuni, Mzee Athumani, mpangaji katika nyumba moja ya Ngamiani, mjini Tanga, mwaka 1972. Ana chumba kimoja upande wa uani, na mwenye nyumba ni Bi. Mwanaidi. Rasimu ya kwanza ya mwandishi chipukizi ingeanza hivi: Athumani alizaliwa Buha, Kigoma. Mwaka 1947 aliandikishwa na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, akasafirishwa hadi Tanga pamoja na mdogo wake. Wakawa manamba. Mdogo wake alifia kambini, naye hakuthubutu kurudi kumkabili mama yao. Akasilimu, akabadili jina, akahamia mjini. Yote hayo ni aya moja ndefu, na ikiisha msomaji hana la kumuuliza Athumani.

Aya hiyo isitupwe. Iandikwe kwenye daftari la pembeni, tena iongezwe. Mwandishi ajue kwamba manamba alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kwamba siku aliyougua au kukosa kumaliza kazi aliyopangiwa haikuingia. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukufuata kalenda, uliisha pale siku 30 zilipotimia. Ajue kwamba majani ya mkonge yalifungwa mzigo mzigo, na mzigo ulihesabiwa kwa majani 30. Ajue maji ya mkonge yanavyowasha ngozi, na mlio wa korona, mashine ya kukamua majani ili zibaki nyuzi. Haya ndiyo yaliyo chini ya maji. Sasa tutafute yatakayosukuma nini juu.

Hiki ndicho kipande cha hadithi kinachobaki:

"Bi. Mwanaidi alisimama mlangoni, upande wa kanga mkononi. 'Mzee Athumani, shikamoo. Mwezi umeisha juzi.'

'Marahaba, mwanangu. Wangu bado.' Alionyesha ukutani, palipochorwa vijistari kwa mkaa. 'Nililala na homa siku nne. Hizo hazimo.'

'Homa yako na kodi yangu wapi na wapi?'

Mzee akatazama vile vijistari, midomo ikihesabu. Kisha akainua mkeka, akatoa fedha kamili, akampa kwa mikono miwili. Jioni alikaa barazani akifunga mchicha wa kuuza. Kijana mmoja, mgeni wa mtaa, akamsalimu kwa Kiha. Mzee hakuinua uso. 'Umenifananisha, baba,' alisema, kwa Kiswahili cha Tanga kisicho na doa. Fungu alilokuwa nalo mkononi akalifungua, akaanza kulihesabu upya."

Neno mkonge halimo. Mdogo wake hayumo, wala Kigoma. Lakini mtu huyu ana kalenda yake mwenyewe, tena kalenda inayomwadhibu kwa kuugua. Fedha alikuwa nazo tangu mwanzo, kwa hiyo ubishi wake haukuwa wa ufukara. Na aliielewa salamu, maana mtu asiyeijua lugha huuliza "unasemaje?", hasemi amefananishwa. Vidokezo viwili vikubwa vinatosha. Ningeongeza kovu la mwiba, ndoto ya mashine na picha ya zamani sandukuni, kidokezo kingegeuka kuwa tangazo.

Mwandishi atajuaje kama usuli wake unasukuma kweli? Njia ninayoiamini ni kuubadilisha. Tuseme Athumani hakuwa manamba, alikuwa karani wa reli aliyestaafu. Ukiisoma upya sehemu ile, vijistari vya ukutani haviwezi kubaki, na siku nne za homa hazina maana, kwa kuwa karani alilipwa kwa mwezi. Sentensi zimekataa, maana yake usuli ulikuwa unafanya kazi. Lakini kama hadithi ingemwonyesha mzee mnyamavu tu, anayetazama mbali na kuvuta pumzi ndefu, ungeweza kumpa usuli wowote bila kubadili nukta. Lile ni tundu tupu. Huzuni isiyo na chanzo maalumu ndiyo alama yake ya kwanza, nami naikuta mara nyingi katika hadithi fupi zinazojisifu kwa ufupi.

Kosa la pili ni hila. Hadithi inasimuliwa kutoka ndani ya kichwa cha Athumani, tunasikia kila wazo lake, ila lile moja linafichwa hadi ukurasa wa mwisho lije kutushtua. Hapo msomaji huona ameibiwa. Ukitaka kumzamisha mdogo wake, mtazame Athumani kwa macho ya Bi. Mwanaidi. Au, ukibaki ndani ya kichwa chake, kubali kwamba yeye mwenyewe anakwepa kuwaza, na utuonyeshe anavyokwepa: kuhesabu mchicha ndiko kukwepa kwenyewe.

Kuna mpaka mmoja ambao ufundi peke yake hauuvuki. Wasomaji wa Hemingway mwaka 1925 walikuwa wametoka kwenye vita vile vile, ama wao ama kaka zao. Mwenyeji wa Ngamiani wa mwaka 1972 angesikia "siku nne hazimo" akatambua kipande papo hapo. Kijana wa leo, aliyezaliwa baada ya nyuzi za plastiki kuishusha bei ya mkonge na mashamba mengi kugeuka pori, ataona mzee mkaidi tu. Kwake sehemu iliyo juu ya maji inabidi iongezwe kidogo, bila kurudisha ile aya ndefu. Ningempa Bi. Mwanaidi sentensi moja, akirudi uani na fedha mkononi, akimwambia binti yake: "Watu waliotoka mashambani hao, mwezi wao ulikuwa kwenye kadi." Binti aulize kadi gani, na mama awe ameshaingia jikoni.